Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi Bila Malipo, Kata ya Itiryo: Nani Aje, Ajiandikishe Wapi na Atafanyiwa Nini

Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, kupitia Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, itaendesha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake wa Kata ya Itiryo siku ya Jumanne, tarehe 17 Novemba 2026, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Huduma itatolewa katika kituo cha kutolea huduma za afya cha Serikali kilichopo Itiryo. Uchunguzi, matibabu ya siku hiyo hiyo kwa atakayeonekana kuyahitaji, pamoja na barua ya rufaa kwa atakayelazimika kwenda hospitali, vyote havina malipo. Hakuna atakayeulizwa kadi ya bima wala risiti ya mchango wowote.

Tarehe hiyo imechaguliwa kwa makusudi. Tarehe 17 Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kuitokomeza saratani hii, na mwaka 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliipitisha siku hiyo kuwa ya kila mwaka. Mkakati unataka, pamoja na mambo mengine, kwamba wanawake 70 kati ya kila 100 wawe wamechunguzwa kabla ya kufikisha umri wa miaka 35, na kuchunguzwa tena kabla ya miaka 45. Mwanamke wa Itiryo mwenye miaka 40 ambaye hajawahi kuchunguzwa hata mara moja hana haja ya kujilaumu kwa kuchelewa, kwa kuwa bado yumo katika umri ambao kipimo hiki kinafaa na tiba yake ni rahisi.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 nchini Tanzania hugundulika na saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufariki kwa ugonjwa huo. Vifo hivyo ni vingi mno kwa ugonjwa ambao kabla ya kuwa saratani hukaa miaka mingi katika hali inayoonekana kwa macho na kuondolewa kwa dakika chache. Maelezo yanayofuata yanahusu hiyo miaka mingi, na namna inavyoweza kutumika vizuri kwa siku moja ya Novemba.

Ugonjwa unaokuja polepole

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ile inayofunguka wakati wa kujifungua. Saratani ya sehemu hiyo husababishwa na virusi vinavyojulikana kwa jina la HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Virusi hivi ni vya kawaida sana. Watu wengi walio katika mahusiano ya ndoa au yasiyo ya ndoa huvipata wakati fulani wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe bila mtu kujua kuwa alikuwa navyo. Kwa hiyo mwanamke kukutwa na dalili za awali si ushahidi wa uasherati wake wala wa mumewe. Maambukizi yanaweza kuwa yametokea miaka 15 iliyopita, na hakuna kipimo kinachoweza kueleza yalitoka kwa nani.

Kwa baadhi ya wanawake virusi havitoki. Hubaki katika ngozi laini ya mlango wa kizazi na kuibadilisha taratibu. Mabadiliko hayo ya awali hayaumi, hayatoi damu, hayatoi harufu, na mwanamke huendelea na kazi zake za shamba na nyumbani bila kuhisi chochote. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili ni imara, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua takriban miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU na ambaye hajatumia dawa, safari hiyo inaweza kufupika kuwa miaka 5 hadi 10.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo wahudumu wa afya hulikuta kila wanapokwenda vijijini. Wanawake wengi husubiri dalili. Husema wataenda kupimwa wakiona tatizo. Lakini kinachotafutwa tarehe 17 Novemba ni yale mabadiliko yasiyo na dalili. Damu ikishaanza kutoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya ukiendelea licha ya dawa, huenda kipindi cha tiba ya dakika chache kimekwisha kupita. Mwenye dalili hizo asisubiri tarehe 17. Aende sasa katika Hospitali ya Halmashauri iliyopo Nyamwaga, na aeleze wazi kinachomsumbua.

Nani aje

Uchunguzi huu unawalenga kwanza wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 50 ambao hawajawahi kuchunguzwa, au waliochunguzwa zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Wanawake wanaoishi na VVU wanakaribishwa hata kama wana miaka 25, kwa kuwa hatari yao ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya ile ya wanawake wasio na maambukizi.

Mipaka ya umri huwachanganya watu, na mara nyingine huwaudhi. Mama wa miaka 58 akiambiwa kipimo hiki hakimfai huweza kudhani amepuuzwa kwa uzee wake. Sababu iko katika maumbile. Mabadiliko ya awali huanzia pale ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inapokutana na ngozi ya ndani, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi mstari huo wa makutano huonekana kwa macho. Hedhi ikikoma, mstari hurudi ndani ya tundu la kizazi, mahali ambapo jicho la muuguzi halifiki. Kumwambia mama huyo kuwa hana tatizo, ilhali sehemu muhimu haikuonekana, ni kumdanganya. Akija ataelezwa hivyo, na ikiwa ana dalili ataandikiwa barua ya kwenda hospitali kwa vipimo vingine.

Kwa wasichana walio chini ya miaka 25 sababu ni nyingine. Katika umri huo maambukizi ya virusi ni mengi lakini karibu yote huondoka yenyewe, hivyo kuwachunguza kungesababisha wengi kutibiwa kitu ambacho kingekwisha bila tiba. Kinga yao ni chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi mwenye binti wa umri huo ambaye hajachanjwa anaweza kuuliza siku hiyo hiyo. Ieleweke tu kwamba chanjo haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, na kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi kwa mama yake.

Wapo wanaopaswa kuahirisha. Mwanamke atakayekuwa katika siku zake za hedhi hataweza kuchunguzwa vizuri kwa sababu damu huficha kinachotafutwa. Mjamzito, na aliyejifungua ndani ya wiki sita, ni vema wasubiri. Aliyeondolewa mfuko wote wa uzazi pamoja na mlango wake kwa sababu isiyo ya saratani hahitaji kipimo hiki. Wote hao wanaweza kujiandikisha ili wapangiwe siku nyingine katika kituo, na majina yao yatawekwa katika orodha yake.

Kinachofanyika chumbani

Kipimo kitakachotumika ni cha siki. Wengi wakisikia hivyo hucheka, au hushuku kwamba wanaletewa kitu cha bei rahisi kwa kuwa wako mbali na mji. Siki hiyo ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji kwa kiwango cha asilimia 3 hadi 5, na hutumika kwa sababu inafanya kazi moja ambayo mashine nyingi za gharama haziwezi kuifanya: hutoa jibu mwanamke akiwa bado kitandani. Kipimo ambacho majibu yake hurudi baada ya wiki tatu kina faida ndogo kwa mtu ambaye hatapata nauli ya kuyafuata.

Mwanamke ataingia chumbani peke yake, au na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kabla ya kupanda kitandani ataelezwa hatua zote na kuulizwa kama anaridhia. Anaweza kukataa hapo, na anaweza kusema basi wakati wowote baadaye. Atalala chali, miguu ikiwa imekunjwa na mwili umefunikwa kwa shuka. Mtaalamu ataingiza kifaa chenye midomo miwili mfano wa mdomo wa bata, ambacho wauguzi hukiita spekulamu, na kukifungua taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Huhisiwa ubaridi na mgandamizo. Maumivu makali hayatarajiwi, na yakitokea aseme.

Kisha pamba iliyolowekwa siki hupakwa juu ya mlango wa kizazi, na mtaalamu husubiri kwa muda usiopungua dakika moja. Dakika hiyo haipaswi kufupishwa hata foleni ikiwa ndefu nje, kwa sababu mabadiliko mengine huchelewa kujitokeza. Ngozi yenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Mahali palipobadilika hugeuka weupe mzito wenye kingo zinazoonekana wazi, karibu na ule mstari wa makutano. Mtaalamu hutazama kwa taa, kisha humweleza mwanamke alichokiona. Shughuli yote, kuanzia maelezo hadi kushuka kitandani, huchukua kama robo saa.

Jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi katika wilaya hii. Wapo wanawake wa makamo ambao walikeketwa wakiwa wasichana, na baadhi yao huogopa kitanda cha uchunguzi kuliko ugonjwa wenyewe, ama kwa sababu ya kovu linalobana, ama kwa sababu ya aibu ya kuonekana. Spekulamu zipo za ukubwa tofauti. Mwanamke akimwambia muuguzi mapema, atachaguliwa ndogo, atapewa muda, na uchunguzi utafanywa polepole zaidi. Hakuna atakayehojiwa kuhusu yaliyompata utotoni.

Majibu na maana yake

Jibu la kwanza linalowezekana, na ambalo wengi hulipata, ni kwamba hakuna weupe ulioonekana. Mwanamke huyo ataandikiwa katika kadi arudi baada ya miaka mitatu. Anayeishi na VVU atapangiwa kipindi kifupi zaidi. Jibu hili ni la kutegemewa kwa kiasi kikubwa lakini si kwa asilimia mia moja: kipimo hiki hutegemea jicho la binadamu, na dosari ndogo inaweza kupita. Ndiyo maana hurudiwa, na ndiyo maana anayeona damu isiyo ya kawaida mwezi mmoja baada ya kuambiwa yuko salama anapaswa kwenda hospitali na si kutulia nyumbani na kadi yake.

Jibu la pili ni kwamba weupe umeonekana. Jibu hili huwatisha watu isivyostahili, kwa sababu hutafsiriwa mitaani kuwa mtu ana saratani. Maana yake ni kwamba kuna mabadiliko yanayoweza kuwa ya awali, na kwamba ni busara kuyaondoa. Baadhi ya weupe husababishwa na uambukizo wa kawaida tu. Kwa hiyo wapo watakaotibiwa ambao pengine wasingewahi kuugua. Wataalamu hukubali gharama hiyo, kwa kuwa tiba yenyewe ni nyepesi na kumkosa mwenye tatizo la kweli ni kosa kubwa zaidi.

Chukua mfano wa mama mwenye miaka 38, mwenye watoto watano, ambaye hajawahi kuchunguzwa. Baada ya siki, unaonekana weupe kwenye mdomo wa juu wa mlango wa kizazi. Mtaalamu hajakimbilia kutibu. Anajiuliza maswali kadhaa kwanza. Je, weupe wote unaonekana, au sehemu yake imezama ndani ya tundu? Je, kichwa cha kifaa cha tiba kinaweza kuufunika wote? Je, kuna kidonda, uvimbe au damu inayovuja kwa kuguswa tu, mambo yanayoashiria kwamba huenda saratani imekwisha kuanza? Kwa mama huyu weupe ni mdogo, unaonekana wote, na hakuna kidonda. Anafaa kutibiwa hapo hapo.

Tiba ni ya joto. Kifaa kidogo cha mkononi chenye kichwa cha chuma hupashwa hadi kufikia angalau nyuzi joto 100, kisha hugusishwa kwenye weupe kwa sekunde 20 hadi 30. Sehemu pana zaidi huweza kuguswa zaidi ya mara moja. Mlango wa kizazi hauna hisia kali za kuungua kama ngozi ya mkono, hivyo wengi husikia mkazo wa tumbo unaofanana na maumivu ya hedhi, ambao hupita. Hakuna kukatwa, hakuna kushonwa, hakuna kulazwa. Mama huyu anaweza kwenda nyumbani muda mfupi baadaye.

Sehemu ngumu huanzia nyumbani. Kwa wiki kadhaa atatokwa na majimaji, na hilo ni la kawaida wakati kidonda kinapona. Lakini kwa wiki nne hatakiwi kushiriki tendo la ndoa, wala kuingiza ukeni kitu chochote, iwe dawa ya kienyeji, sabuni au pamba. Kidonda kibichi hupokea maambukizi kwa urahisi, yakiwemo ya VVU. Ikitokea kwamba haiwezekani kabisa kujizuia, kondomu itumike kila mara. Akipata homa, maumivu makali ya tumbo la chini, usaha wenye harufu mbaya au damu nyingi kuliko ya hedhi yake, arudi kituoni siku hiyo hiyo. Baada ya mwaka mmoja ataitwa achunguzwe tena, kuthibitisha kuwa weupe haukurudi. Mwaka huo ni mrefu na wengi husahau, kwa hiyo kadi ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hupatikana.

Wiki hizo nne ndizo zinazofanya jambo hili liwahusu waume pia. Wahudumu wanashauri mwanamke azungumze na mumewe kabla ya tarehe 17, na si baada ya kurudi na masharti. Mume akipenda anaweza kufuatana na mkewe na kusikia maelezo kwa masikio yake. Sheria ya huduma hii, hata hivyo, iko wazi: ridhaa inayotakiwa kitandani ni ya mwanamke mwenyewe, na hakuna saini ya mume inayohitajika.

Jibu la tatu ni lile ambalo kila mtu hulihofia: dalili zinazoshukiwa kuwa saratani, au weupe ulio mpana au uliozama mno kiasi kwamba kifaa cha joto hakiufikii. Huyu hatatibiwa Itiryo. Kumpaka joto mtu mwenye saratani ni kuificha juu huku ikiendelea chini. Atapewa barua ya rufaa na maelezo ya wapi pa kuanzia. Safari yake huanzia Nyamwaga, na kutegemea kinachopatikana huweza kuendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma, ambako kinyama huweza kuchukuliwa kwa ajili ya uthibitisho, au Bugando jijini Mwanza, ambako kuna tiba ya mionzi. Ni haki wananchi waelezwe mapema kwamba nauli na gharama za safari hizo haziko ndani ya huduma ya tarehe 17. Anayeona hataweza asinyamaze na barua mfukoni. Amweleze afisa ustawi wa jamii atakayekuwepo siku hiyo, ili maombi ya msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza yaanze mapema.

Kwa nini kujiandikisha

Wananchi huuliza kwa nini huduma ya bure ihitaji orodha. Hesabu yake ni nyepesi. Vitakuwepo vitanda viwili vya uchunguzi, na kingine cha tatu kitatengwa kwa ajili ya tiba. Kila mwanamke akichukua robo saa, kitanda kimoja huhudumia wanne kwa saa, na vitanda viwili huhudumia wanane. Kwa saa saba na nusu hao ni wanawake 60, na si zaidi, isipokuwa ile dakika moja ya kusubiri siki iibwe, jambo ambalo halitaruhusiwa.

Vifaa navyo vina kikomo. Spekulamu ya chuma ikishatumika haiwezi kufutwa na kupewa mwingine. Hulowekwa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, husuguliwa kwa sabuni na maji safi, kisha hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 katika mtungi maalumu kwa dakika 20 ikiwa haikufungwa, au 30 ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Pamoja na kupoa, ni zaidi ya saa nzima kwa kila mzunguko. Idadi ya waliojiandikisha ndiyo itakayowawezesha wauguzi kujua wabebe vifaa vingapi vilivyo tayari. Mwanamke ana haki ya kuomba aone kifaa chake kikifunguliwa kutoka kwenye kifungashio mbele yake, na ombi hilo halitachukuliwa kuwa utovu wa adabu.

Uandikishaji unafanywa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vitongoji, na pia katika ofisi za watendaji wa vijiji na ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Itiryo, siku za kazi. Kinachoandikwa ni jina, umri, kijiji na kitongoji, pamoja na namba ya simu ya mhusika au ya mtu anayemwamini. Hakuna atakayeulizwa hali yake ya VVU wakati wa kujiandikisha. Swali hilo huulizwa chumbani na mtaalamu peke yake. Asiyetaka jina lake lipite mikononi mwa jirani anaweza kwenda kujiandikisha moja kwa moja kituoni. Kila aliyeandikishwa atapewa saa ya kufika, kwa mfano saa 2:00 au saa 5:00, ili asishinde kwenye benchi kutwa nzima wakati mvua za vuli zinamsubiri shambani.

Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa, tarehe 13 Novemba 2026. Nafasi zikijaa kabla ya hapo, majina yataendelea kupokelewa kwa ajili ya siku nyingine kituoni, na mwanamke ataelezwa hivyo waziwazi, asije akatembea bure. Wasiojiandikisha hawatafukuzwa, lakini watahudumiwa baada ya walio kwenye orodha, kadiri muda utakavyoruhusu.

Maandalizi ya nyumbani ni machache. Kwa siku mbili kabla, mwanamke asijisafishe kwa ndani wala kuweka dawa yoyote ukeni, kwa sababu hubadilisha kinachoonekana. Kuoga kwa kawaida kunatosha. Ale chakula kama siku zote. Kipimo hiki hakihitaji kufunga. Sketi pana au gauni, pamoja na khanga, hurahisisha kuliko suruali. Aje na kadi ya uchunguzi wa zamani kama anayo, na kadi ya kliniki ya dawa za kufubaza VVU kama anaitumia, akiiweka ndani ya mfuko hadi atakapoingia chumbani. Mwenye mtoto anayenyonya aje naye, na ikiwezekana aje na mtu wa kumshika.

Wanaume, na kina mama waliopita umri wa kipimo hiki, watapimwa shinikizo la damu kwenye baraza la kituo bila kujiandikisha. Wakae dakika tano bila kuzungumza kabla ya kupimwa, na wasiwe wametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Atakayeonekana na 140 juu au 90 chini hataambiwa papo hapo kuwa ni mgonjwa. Atapimwa tena, na kupangiwa siku nyingine ya kurudia, kwa kuwa kupanda kilima cha kituoni peke yake kunatosha kupandisha namba hizo kwa muda.

Endapo mvua itaharibu barabara kiasi cha magari ya wataalamu kushindwa kupita, taarifa itatolewa na watendaji wa vijiji na kwa simu zilizoandikwa kwenye orodha kabla ya saa 1:00 asubuhi ya siku hiyo, pamoja na tarehe mpya. Orodha itabaki ile ile, na hakuna atakayelazimika kujiandikisha upya.